Oda Imekuwa ya Dharura: Nauli ya Ndege Inanunua Nini?

Msimu wa alizeti Singida hauna subira. Mbegu zikianza kuvunwa, wakulima huzipakia kwenye magunia na kuzipeleka kwenye viwanda vidogo vya kukamua mafuta. Kiwanda ambacho mashine yake imesimama hubaki kikiangalia magunia yakipita mlangoni kwenda kwa jirani. Mashine nyingi za viwanda hivi ni za skrubu. Ndani yake mna mhimili wenye nyuzi nene za chuma unaozisukuma mbegu kwa nguvu dhidi ya vyuma vilivyopangwa kuuzunguka, mafuta yakachuruzika pembeni na mashudu yakatokea mbele. Mbegu zikiwa na mchanga, na mbegu za shambani hazikosi mchanga, skrubu na vyuma hivyo huliwa. Dalili yake kila mkamuaji anaijua: mashudu yanatoka laini na yenye mafuta mengi, na ukiyafinya yanaacha alama kiganjani.

Tumchukue mama mmoja mwenye kiwanda cha aina hiyo. Tarakimu zake ni za mfano, ila mwendo wa mambo ndio huo huo anaoujua mtu yeyote aliyewahi kuagiza vipuri nje. Tarehe 5 Mei amelipa malipo ya awali ya asilimia 30 kwa muuzaji wa mkoa wa Henan, China, kwa ajili ya seti nane za skrubu na vyuma vyake. Muuzaji ameahidi kumaliza kazi tarehe 30 Mei. Mzigo utapanda meli bandari ya Qingdao, utashuka Dar es Salaam kama mwezi mmoja baadaye, na baada ya forodha na safari ya lori utafika Singida kwenye tarehe 20 Julai. Hesabu yake ilikuwa kwamba skrubu iliyomo mashineni itavumilia hadi hapo. Tarehe 14 Mei fundi anamwita, anamwonyesha mashudu, na kumwambia kwamba hii haitavuka tarehe 10 Juni.

Wengi hapo hushika simu na kuandika: "Rafiki, nina haraka sana, tafadhali tumeni kwa ndege, nitalipa mimi." Ujumbe huo una adabu na una ahadi ya fedha, na mara nyingi hauzai kitu. Muuzaji atajibu kwamba hakuna shida, kisha siku kumi zitapita bila habari.

Sababu ni kwamba muda wa oda umegawanyika sehemu tatu, na nauli ya ndege inagusa sehemu moja tu. Sehemu ya kwanza ni foleni: oda yako inasubiri karakanani nyuma ya oda za wenzako. Ya pili ni kazi yenyewe ya kukata chuma, kuchonga, kukikaza kwa moto na kukisaga. Ya tatu ni njia. Anayesema "tumeni kwa ndege" amenunua njia. Kama chuma chake bado ni bonge lililolala sakafuni likisubiri zamu, hakuna ndege inayoweza kulibeba.

Kati ya hizo tatu, iliyo rahisi kufupishwa ni foleni, na ndiyo watu wasiyoiomba. Katika karakana inayochonga vipuri vya wateja wengi, siku 25 za ahadi hazimaanishi siku 25 za mikono kugusa chuma. Kazi halisi ya skrubu mbili inaweza kuwa ya siku chache, na siku zilizobaki ni za kusubiri mashine ya kuchongea iwe wazi na za kusubiri tanuru lijae. Kwa hiyo ombi lenye akili halisemi "fanyeni haraka." Linasema "ziwekeni seti mbili mbele ya foleni, na hizo sita nyingine ziendelee na tarehe yake ya zamani." Mkuu wa karakana anaweza kulikubali ombi hilo bila kuvuruga wiki yake nzima. Kumwomba aharakishe zote nane ni kumwomba awavunjie ahadi wateja wengine watatu.

Kazi yenyewe, kwa upande mwingine, haifai kufupishwa hata kidogo, na hapa ndipo haraka inapomponza mnunuzi. Skrubu ya kukamulia inatakiwa iwe ngumu juu na yenye ustahimilivu ndani. Ili iwe hivyo, chuma hupikwa kwenye tanuru kwa saa nyingi pamoja na kaboni inayoingia kwenye ngozi yake, kisha huzimwa kwa mafuta. Karakana iliyobanwa inaweza kupunguza saa za tanuru, au kuliruka tanuru kabisa, na kwa macho hutaona tofauti. Skrubu itang'aa vilevile, itafungwa vilevile, na ndani ya wiki chache za mbegu za mchanga itakuwa imeliwa kama ile ya zamani. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rokweli, na kwa skrubu za aina hii namba inayotafutwa ni karibu HRC 60. Kwa hiyo ndani ya barua ya kuomba haraka lazima iwemo sentensi moja inayosema kwamba saa za tanuru zisiguswe, na kwamba kabla ya kufunga sanduku muuzaji atume picha ya kipimo kikiwa juu ya skrubu, na namba ikisomeka. Mzigo ukifika, fundi apitishe tupa pembeni mwa uzi. Tupa ikiteleza kama inapita juu ya kioo, chuma kimekazwa. Ikiuma na kutoa vumbi la chuma, umetumiwa chuma laini kwa nauli ya ndege.

Kabla ya barua, basi, kuna swali moja la kuuliza, na liulizwe peke yake ili lijibiwe: oda yangu imefika hatua gani leo? Anayejibu huwa ni mtu wa mauzo, mara nyingi kijana mwenye simu yenye wateja mia, na yeye mwenyewe hakai karakanani. Mwombe picha ya chuma chako kikiwa na karatasi iliyoandikwa namba ya oda na tarehe ya siku hiyo. Picha hiyo inakwambia mambo mawili. La kwanza ni hatua ya kazi. La pili ni kama huyu muuzaji ana karakana kweli, kwa sababu wauzaji wengi wa mtandaoni ni madalali wanaonunua kwa mwenye kiwanda kisha wanakuuzia wewe. Dalali si mtu mbaya, lakini foleni si yake, na hawezi kukusogeza mbele bila kwenda kumbembeleza mwingine. Picha ikichukua siku nzima kufika, elewa kwamba mlolongo wako una mtu mmoja zaidi, na uongeze siku mbili tatu kwenye hesabu zako.

Saa nazo zihesabiwe. China iko mbele yetu kwa saa tano. Saa nne asubuhi ya Singida ni saa tisa alasiri ya Henan, na ujumbe ulioandikwa baada ya chakula cha mchana unawakuta wakifunga ofisi. Anayeandika saa moja asubuhi anapata jibu siku hiyo hiyo. Anayeandika jioni amepoteza siku nzima, na katika oda ya dharura siku zinahesabika.

Sasa fedha, maana ahadi ya kulipa nauli haina maana mpaka mwenyewe ujue unalipia nini. Tuseme mashine ya mama huyu inakamua kilo 200 za mbegu kwa saa, kwa saa kumi kwa siku. Akishatoa umeme na vibarua anabakiwa na shilingi 80 kwa kila kilo, yaani shilingi 160,000 kwa siku. Kutoka tarehe 10 Juni hadi 20 Julai ni siku 40, na tukitoa Jumapili zinabaki kama siku 34 za kazi. Mashine ikisimama muda huo wote, atakosa shilingi milioni 5.4, tukiacha wateja ambao wakishazoea kwa jirani hawarudi.

Kila seti, pamoja na sanduku lake, ina uzito wa kilo 40. Seti mbili ni kilo 80. Wakala wa mizigo akimtajia dola 7 kwa kilo hadi Dar es Salaam, nauli ni dola 560, ambayo kwa kiwango cha shilingi 2,600 ni shilingi 1,456,000. Hiyo ni faida ya siku tisa hivi za kukamua. Ikiwa ndege itamwokolea zaidi ya siku tisa, alipe bila kusitasita. Ikiwa ni chini ya hapo, avumilie meli. Na hizo seti sita nyingine? Kuzirusha nazo ni dola 1,680, zaidi ya shilingi milioni 4.3, ili zikae kwenye rafu mpaka Agosti. Seti moja itafungwa, ya pili itakaa akiba, na sita zitakuja baharini kama zilivyopangwa. Kugawa mzigo namna hii ndiko kunakoifanya ndege iwezekane kwa kiwanda kidogo, na ninashangaa ni wafanyabiashara wangapi hawalifikirii, wanaona oda ni kitu kimoja kisichokatika.

Skrubu za chuma zina bahati moja: ni nzito lakini hazichukui nafasi. Ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, kutegemea lipi ni kubwa zaidi. Ukubwa hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000 kwa mizigo ya kawaida ya ndege, au kwa 5,000 kwa kampuni nyingi za vifurushi vya haraka. Sanduku la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 lina sentimita za ujazo 96,000, kwa hiyo wakala ataliona kama kilo 16 na kampuni ya vifurushi italiona kama kilo 19 na ushee, hata kama ndani mna vifuniko vya chupa vya kilo 10. Ukiweka skrubu humo, uzito halisi utazidi ukubwa na utalipa kilo za kweli. Mtu wa vifungashio, nguo za sponji au matangi ya plastiki asitumie hesabu za mama wa Singida. Aombe vipimo vya sanduku kwanza ndipo aahidi kulipa.

Hata mwenye chuma aulize kuhusu sanduku. Wauzaji wa mashine hupenda masanduku ya mbao, na mbao ngumu zinaweza kuongeza kilo kumi ambazo zote zitalipiwa nauli. Isitoshe, mbao zisizo na mhuri wa ISPM 15, unaoonyesha kwamba zimetibiwa dhidi ya wadudu, zinaweza kukuletea maswali ya afya ya mimea uwanjani. Omba katoni nene zenye ubao wa plaiwudi chini. Plaiwudi haidaiwi mhuri huo.

Kati ya kampuni ya vifurushi inayofika mlangoni na wakala wa mizigo wa ndege, kwa mzigo wa kilo 80 mimi ningemchagua wakala. Kampuni za vifurushi zina kasi ya ajabu kwa bahasha na kwa kipuri cha kilo mbili, lakini kilo zikipanda bei yake hupaa, na Singida inaweza kuhesabiwa kuwa eneo la mbali lenye nyongeza yake. Mzigo ukishuka Dar es Salaam, mabasi ya usiku yatakufikishia kabla gari la kampuni halijapangiwa safari.

Wakala naye ana kitu anachopenda kukificha. Bei nafuu ya kilo inatokana na kukusanya mizigo ya watu wengi kwenye ghala moja, mara nyingi Guangzhou, mpaka itoshe kupanda ndege pamoja. Safari ya ndege ni ya siku moja au mbili, lakini kukusanya kunaweza kuwa kwa siku saba. Swali la kumuuliza, basi, lisiwe "inachukua siku ngapi?" Muulize mzigo ukifika ghalani Jumatatu, ndege inayoubeba inaondoka lini na namba yake ni ipi. Asiyeweza kutaja siku ya kuondoka hana nafasi kwenye ndege. Ana matumaini tu.

Kuna pia jambo la nani anamlipa nani. Bei ya awali ya mama huyu ilikuwa FOB Qingdao, maana yake muuzaji anagharamia mpaka mzigo upande melini. FOB ni ya baharini. Mzigo ukihamia angani, makubaliano ya seti mbili yaandikwe upya kuwa FCA, na patajwe mahali hasa: ghala la wakala Guangzhou, kwa mfano, pamoja na nani analipa usafiri wa kutoka Henan hadi huko. Usipoandika, katoni zitakaa kiwandani siku tatu kila upande ukimsubiri mwenzake aite gari. Kuna wanaomwachia muuzaji alipe nauli kisha aiongeze kwenye ankara. Ni rahisi, lakini hutajua nauli halisi ilikuwa kiasi gani. Kumtumia wakala wako unayemlipa mwenyewe kunakupa bei mbele ya macho, na pia mtu wa kumpigia simu kwa Kiswahili.

Yakishajulikana hayo yote, barua inakuwa fupi. Ataiandika kwa Kiingereza ili huko aeleweke, na kwa Kiswahili maudhui yake yangekuwa haya:

"Oda namba 0517, seti nane za skrubu na vyuma. Naomba kugawa oda hii mara mbili. Seti mbili ninazihitaji kwenye ghala la wakala wangu Guangzhou kabla ya tarehe 22 Mei, kwa sababu skrubu iliyopo imeisha na mashine itasimama tarehe 10 Juni. Seti sita zibaki na tarehe ya 30 Mei na zije kwa meli kama tulivyokubaliana. Nauli ya ndege nailipa mimi moja kwa moja kwa wakala wangu, na usafiri wa kutoka kiwandani hadi Guangzhou muuweke kwenye ankara. Salio lote la seti mbili nalilipa leo mkithibitisha tarehe. Kama kuna gharama ya zamu ya ziada, nitajieni kiasi kabla ya kuanza. Saa za tanuru zisipunguzwe, na nitumieni picha ya kipimo cha ugumu kabla ya kufunga. Naomba jibu la ndiyo au hapana kwa tarehe 22 kabla ya kesho saa sita mchana kwa saa za China. Kama haiwezekani, nitajieni tarehe ya karibu zaidi mnayoweza kuisimamia."

Tazama alichompa yule kijana wa mauzo. Kijana huyo anakwenda kwa mkuu wa karakana na mambo ya kuzungumza: seti mbili tu, tarehe moja, salio linalolipwa leo, na sababu yenye tarehe yake. Neno "haraka" halimo. Wateja wote wana haraka, na kila ujumbe anaoupokea umeandikwa hivyo. Tarehe ya mashine kusimama ni jambo analoweza kulirudia mbele ya bosi wake.

Sentensi ya mwisho nayo ina kazi. Muuzaji wa Asia, kama wa Kariakoo, hapendi kumnyima mteja usoni, na atasema ndiyo kwa tarehe asiyoiweza. Ukimfungulia mlango wa kutaja tarehe yake mwenyewe bila aibu, utapata tarehe ya kweli. Ni heri kuambiwa tarehe 25 ya uhakika, ukamwandaa wakala, kuliko tarehe 22 ya kukufurahisha.

Kuhusu nyongeza ya zamu, sioni sababu ya kuitaja kiasi wewe kwanza. Muulize. Mara nyingi karakana itakubali kubadilisha foleni bila malipo, kwa kuwa salio linaloingia mapema nalo ni faida kwao. Ikitaja kiasi, kipime kwa ile faida ya shilingi 160,000 kwa siku.

Lakini fedha hizo za salio ndizo zinazochelewesha oda nyingi za dharura, na lawama huangukia kiwanda. Wauzaji wengi wa China hutaka asilimia 70 iliyobaki kabla mzigo haujatoka mlangoni. Uhamisho wa dola kutoka benki ya Tanzania hupitia benki ya kati na unaweza kuchukua siku kadhaa. Ukiagizwa Ijumaa alasiri, Jumamosi na Jumapili zinapotea bure. Mama wa Singida aende benki siku ile ile anayopokea "ndiyo", na aombe nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT, ule ambao hadi 2025 uliitwa MT103, amtumie muuzaji. Wauzaji wengi wataanza kufunga katoni wakiona nakala hiyo, hata kabla fedha hazijaingia, hasa kwa mteja waliyemzoea.

Hapo hapo ndipo wezi wanapovizia. Wanaoingilia barua pepe za wafanyabiashara hungoja mazungumzo ya haraka kama haya, kisha huandika kwa jina la muuzaji: akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, lipa kwenye hii mpya ili tusichelewe. Anwani ya barua pepe hutofautiana kwa herufi moja tu. Akaunti ikibadilika katikati ya oda, usilipe mpaka upige simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyomo kwenye barua hiyo, na usikie sauti unayoijua.

Mzigo ukishatoka, utapewa namba ya hati ya ndege. Namba ya shirika la ndege huwa na tarakimu 11, na tatu za kwanza ni za shirika lenyewe: 071 ni Ethiopian Airlines, 706 ni Kenya Airways. Kuwa na namba si ushahidi kwamba mzigo umeruka. Ukiifuatilia kwenye tovuti ya shirika utaona vifupisho. BKD maana yake nafasi imewekwa tu. RCS maana yake shirika limeupokea mzigo mkononi. DEP maana yake ndege imeondoka nao. Ukiona BKD kwa siku tatu, mzigo bado uko ghalani, hata kama kijana wa mauzo amekutumia picha ya ndege yenye mawingu mazuri. Na kama umepewa namba ya wakala isiyotambulika kwenye tovuti ya shirika lolote, mwombe ile namba kuu. Wakala anayeikataa ana sababu yake.

Forodha ianze mzigo ukiwa bado angani. Wakala wa forodha anaweza kuwasilisha tamko kabla ya mzigo kufika kama ana ankara, orodha ya vilivyofungwa na nakala ya hati ya ndege. Ankara ya seti mbili iwe ya seti mbili. Kosa la kawaida baada ya kugawa oda ni kusafiri na ankara ya seti nane, na afisa akifungua akakuta mbili, siku zote ulizonunua zinaishia hapo. Maelezo yasiwe "vipuri" tu. Yaseme ni skrubu na vyuma vya mashine ya kukamua mafuta ya mbegu, vya chuma, vipya, pamoja na namba ya ushuru, ambayo kwa sehemu za mashine hizo iko chini ya 8479.90. Kama bidhaa yako iko kwenye orodha ya TBS inayodai ukaguzi kabla ya kusafirishwa, hilo liulizwe siku ya barua, kwa sababu cheti hicho hakitolewi baada ya ndege kuondoka.

Na kuna unafuu ambao wengi hawaujui. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali lake la Nne, inaongeza nauli kwenye thamani ya mzigo inayotozwa ushuru, lakini inaondoa nauli ya ndege kwenye hesabu hiyo. Zile dola 560 hazipaswi kuingizwa kwenye thamani ya forodha ya skrubu zako. Nauli ionekane peke yake kwenye karatasi, isizamishwe ndani ya bei ya bidhaa, la sivyo afisa hana namna ya kuitenga. Hiyo ni sababu nyingine ya kumlipa wakala mwenyewe badala ya kumwachia muuzaji aichanganye kwenye ankara moja.

Kwa mwendo huo, katoni mbili zinazotoka Henan tarehe 22 Mei zinaweza kuwa uwanja wa Julius Nyerere mwanzoni mwa Juni, na kwenye buti la basi la Singida siku mbili tatu baadaye. Karakana ikichelewa siku tatu, bado kuna nafasi kabla ya tarehe 10. Ikichelewa siku kumi, mashine itasimama kwa siku chache na hesabu bado inalipa. Ikiwa muuzaji atasema hawezi kabla ya 30 Mei kwa vyovyote, mama apande ndege na hizo hizo za tarehe 30, ila atume ujumbe wa pili kwa mafundi wa SIDO au karakana ya jirani yenye lathi, wamwongezee chuma kwa kulehemu kwenye nyuzi zilizoliwa ili asukume wiki mbili. Skrubu iliyojazwa hivyo haidumu, lakini kwa wiki mbili inatosha.

Mwenye kiwanda ambaye hataki kuandika barua hii mwakani aangalie kalenda ya China kabla ya ile ya alizeti. Viwanda vya huko hufungwa kwa wiki mbili hadi tatu kuzunguka Mwaka Mpya wao, ambao 2027 unaangukia tarehe 6 Februari, na foleni ya baada ya sikukuu ni ndefu kuliko zote za mwaka. Oda ya skrubu za msimu huo iwekwe, na salio lake lilipwe, kabla ya Desemba 2026 kuisha.